Nimetafsiri fomu ya mgonjwa mpya, shangazi yangu akajibu "hapana" kila swali. Nimekosea wapi?

Mwana_Ujiji

Wakuu, habari za jioni. Nipo Ujiji na kazi yangu ni kutafsiri. Zahanati moja binafsi hapa Kigoma mjini imenipa fomu ya kurasa mbili ambayo mgonjwa mpya hujaza kabla hajamwona daktari. Asili yake ni Kiingereza, na wanataka ya Kiswahili ambayo mgonjwa anaweza kujisomea au kusomewa na nesi. Sehemu iliyonishinda ina maswali matatu: magonjwa ya familia, upasuaji uliowahi kufanyiwa, na mzio.

Niliyatafsiri hivi:

Je, kuna historia ya ugonjwa katika familia yako?
Je, umewahi kufanyiwa upasuaji?
Je, una mzio wowote wa dawa, chakula au mpira?

Kabla sijapeleka nikamsomea shangazi yangu, alikuwa barazani anachambua dagaa. La kwanza, hapana. La pili, hapana. La tatu aliniuliza mzio ndiyo nini, nikamwambia aleji, akasema hapana, na kuhusu mpira akasema wajukuu wanaucheza hapo nje kila siku na haujamfanya chochote.

Sasa huyu ni shangazi yangu, maisha yake nayajua. Babu, yaani baba yake mzazi, aliondoka kwa kiharusi. Watoto wake wawili wa mwisho walizaliwa kwa kisu. Na mwaka 2011 alimeza Septrini, midomo ikachubuka na ngozi ya kifua ikaanza kutoka kama ngozi ya nyanya iliyomwagiwa maji ya moto. Mimi ndiye niliyemshika mkono kwenye gari kwenda hospitali. Angekuwa amejaza fomu yangu peke yake, daktari angeona karatasi safi na kumwandikia Septrini tena.

Nilipomrudia na kumkumbusha, hakuwa amenidanganya. Akasema, "Kuzaa si kupasuliwa, kuzaa ni kuzaa." Kuhusu babu alikasirika kidogo: "Sisi hatuna ugonjwa wa familia, baba alipooza tu." Na Septrini, "ile dawa ilinikataa." Nisaidieni, nina mpaka wiki ijayo.

Kalamu_ya_Mwanga

Mleta uzi, tatizo lako ni dogo. Neno "mzio" ni fasaha na lipo kwenye kamusi, usilitupe kwa sababu mtu mmoja halijui. Weka "mzio au aleji" pamoja, na badala ya upasuaji weka "operesheni", kila mtu wa Kigoma analijua. Mbona basi imekwisha. Lugha ikishuka kila mara mtu asipoelewa tutabaki bila lugha.

Mwana_Ujiji

Kaka, operesheni nimejaribu baadaye na kweli imesaidia kidogo, uzazi akaukumbuka. Lakini aleji nilimtajia palepale na bado alisema hapana. Kwa hiyo si neno peke yake.

Dogo_Kibirizi

Dada usikae mtandaoni jamani, kama midomo imechubuka mpeleke hospitali sasa hivi! Mwachishe hiyo Septrini kwanza.

Mwana_Ujiji

Asante mdogo wangu kwa kujali, ila ilikuwa 2011. Alipona, yupo, leo amepika mgebuka kwa mawese.

Tabibu_Mstaafu

Mwanangu, nimesoma uzi wako mara mbili. Nimekaa chumba cha mganga zaidi ya miaka 30, sehemu kubwa upande wa Kasulu, na nakwambia shangazi yako amejibu sawasawa. Fomu ndiyo iliyouliza vibaya.

Nianze na mzio kwa sababu ndipo mtu anapoweza kufa. Ukimuuliza mtu "una mzio?" unamtaka ajipime mwenyewe, yaani achukue yaliyompata na kuyapa jina la kitabibu. Hiyo ni kazi yangu mimi. Kazi yake ni kunisimulia. Kwa hiyo usiulize jina, uliza tukio. Mimi nilikuwa nauliza hivi: "Kuna dawa yoyote uliwahi kumeza au kuchomwa, ikakudhuru au ikakukataa?" Hapo mtu hufunguka. Halafu yanafuata maswali manne ambayo lazima yawe na nafasi kwenye karatasi yako: dawa gani, ilikufanya nini, ilianza baada ya muda gani, na ulifanyiwa nini.

Hilo la muda watafsiri wengi huliacha kwa sababu halipo kwenye fomu ya Kiingereza, na kwangu lilikuwa nusu ya jibu. Mtu akichomwa penisilini na ndani ya saa moja akaota mabaka yanayowasha, akavimba midomo na pumzi ikabana, hiyo ni hatari ya papo kwa papo. Shangazi yako je, ilianza siku ya ngapi?

Mwana_Ujiji

Shikamoo mzee wangu. Nimemuuliza sasa hivi. Anasema alikuwa ameshameza zaidi ya wiki, anakadiria siku ya tisa au ya kumi. Kwanza homa na macho mekundu, halafu vidonda mdomoni, ndipo ngozi.

Tabibu_Mstaafu

Marahaba mwanangu. Ndivyo nilivyodhani. Hiyo ni aina nyingine kabisa. Haiji kwa dakika, huja baada ya siku kadhaa hadi wiki chache tangu kuanza dawa, nayo inaua vilevile. Mgonjwa wa namna hii mara nyingi haunganishi mambo, kwa sababu alimeza siku nane bila shida, kwa hiyo anadhani ni ugonjwa mwingine ulimpata.

Tena Septrini ina salfa, na SP ya malaria, ile tuliyokuwa tukiita Fansida, nayo ina salfa. Shangazi yako asipewe yoyote kati ya hizo mbili. Kwa umri wake labda hatakutana na SP, lakini binti mjamzito hupewa kliniki kila mara kama kinga ya malaria, na kama alishachubuliwa na Septrini utotoni na fomu yako haikumuuliza vizuri, atapewa na kumezeshwa palepale mbele ya nesi. Kwa hiyo taja majina ya dawa kwenye swali. Andika "kwa mfano Septrini, SP, amoksilini, sindano ya penisilini, diklofenaki". Mtu hakumbuki kundi la dawa, anakumbuka jina lililotamkwa dirishani.

Mama_Gungu

Na mimi basi nina aleji ya klorokwini. Zamani nikiimeza mwili wote unawasha usiku kucha, hasa nyayo na viganja, na huoni kipele hata kimoja. Nimekuwa nikiandika kila fomu. Pia amoksilini ilimharisha mwanangu, nayo nimemwandikisha aleji tangu ana miaka miwili, sasa ana 19.

Kalamu_ya_Mwanga

Sahihi mama, dawa yoyote ikikutapisha au kukuharisha hiyo ni aleji, usikubali wakupe tena.

Tabibu_Mstaafu

Hapana, kaka, hapo tusipotoshane.

Mama, muwasho wa klorokwini ulitusumbua watu wengi sana, na mimi nimo. Ni mateso ya kweli, na watu waliitupa dawa kwa ajili yake, lakini haukuwa mzio wa kuogopwa. Isitoshe klorokwini iliachwa kuwa dawa ya kwanza ya malaria nchini mwaka 2001, ikaja SP, halafu dawa mseto. Kuiandika hakukudhuru.

La mwanao ndilo linanisumbua. Amoksilini huharisha watoto wengi, ni tabia yake. Akishaandikwa "aleji ya penisilini" basi amefungiwa mlango wa familia nzima ya dawa hizo, na kila akiumwa atapewa nyingine ambayo pengine ni ghali zaidi au haifai sana kwa ugonjwa ule. Mfano ulio wazi ni mjamzito mwenye kaswende: sindano ya penisilini ndiyo inayotegemewa kumkinga mtoto tumboni, na mbadala wake ni dhaifu. Wengi wanaobeba jina hilo, wakipimwa vizuri hospitalini, hukutwa hawana mzio wowote. Usimjaribishie nyumbani, lakini mwambie daktari neno kwa neno kama ulivyotuambia: aliharisha, hakuvimba, hakuota mabaka.

Ndiyo sababu nasema fomu iandike kilichotokea. "Aliharisha" na "alivimba koo" vyote vikifichwa ndani ya tiki moja ya mzio, daktari hawezi tena kuvitenganisha.

Mrina_Sikonge

Mwangaluka wanajukwaa. Mimi ni wa Tabora, tunarina asali huku. Fomu zote nilizowahi kujaza huuliza dawa na chakula, hakuna inayouliza nyuki. Nilishang'atwa mara nyingi, mkono unavimba siku mbili unapona, nikadhani ni kawaida ya kazi. Halafu siku moja nimeshuka mtini na mizinga miwili tu imefunguliwa, nyuki mmoja kanipata shingoni. Mabaka yakatoka mapajani na tumboni, kichwa chepesi, nikaanguka. Wenzangu walinibeba kwa pikipiki. Tangu hapo siendi porini peke yangu.

Mleta uzi, fomu za Kiingereza zinazotaja karanga na kaa wa baharini zimeandika vya kwao. Ongeza nyuki.

Mwana_Ujiji

Kaka pole sana. Nyuki wanaingia. Nimeandika: "Umewahi kung'atwa na nyuki, ukavimba au kuota mabaka sehemu nyingine za mwili mbali na pale ulipong'atwa, au ukazimia?" Nimetumia "kung'atwa" kwa makusudi, maana "kuumwa na nyuki" mtu akilisoma haraka anakutana na "kuumwa" ya ugonjwa.

Na mpira nimeuvunja: "Ukivaa glavu za mpira, ukipuliza puto au ukitumia kondomu, ngozi huwasha au kuvimba?"

Nesi_wa_Zamu

Dada, naandika nikiwa kazini kwa hiyo nitakuwa mfupi. Tafsiri yako inaweza kuwa nzuri na bado ikaharibika mdomoni mwetu sisi. Foleni ikiwa ndefu nesi hasomi "umewahi kupasuliwa?". Anasema "hujawahi kupasuliwa, eti?" na mgonjwa anajibu "ndiyo". Kwa Kiswahili chetu hiyo "ndiyo" maana yake ni kweli, sijawahi. Nesi mmoja ataandika ndiyo, mwingine hapana, kwa jibu lilelile. Mimi mwenyewe nimeshakosea hivyo kwa mzee wa Uvinza, tukatafuta kovu ambalo halipo.

Pili, visanduku. Fomu ya Kiingereza ina Y na N. Mtafsiri mmoja aliyetutangulia aliweka N na H, yaani Ndiyo na Hapana. Daktari aliyezoea ya Kiingereza akiona tiki kwenye N anasoma hapana. Tulikaa na fomu hizo karibu miezi miwili kabla mtu hajagundua. Aliyegundua ni mfamasia, mgonjwa alimwambia dirishani kwamba penisilini inambana pumzi, akaangalia faili na tiki ipo, kwenye N, na daktari ameshaandika amoksilini.

Mwana_Ujiji

Dada umenitoa jasho. Yangu ina N na H. Ilibaki hivyo kwa sababu kisanduku ni kidogo na neno zima halikuingia.

Nesi_wa_Zamu

Panua kisanduku. Andika NDIYO, HAPANA na SIJUI kwa ukamilifu. Hiyo SIJUI usiiache, wengine hawakulelewa na wazazi wao, na usipowapa pa kusimama watasema hapana ili muendelee.

Tabibu_Mstaafu

Nesi amesema jambo ambalo mimi sikuliwaza. Mwanangu, mshawishi huyo mwenye zahanati akubali kupanua ukurasa.

Mwana_Ujiji

Nimempigia. Ameguna, ila amekubali kurasa tatu.

Sasa upasuaji. Nimeandika "Umewahi kupasuliwa au kufanyiwa operesheni?" na chini yake nimeshusha mifano: kujifungua kwa operesheni, kufunga kizazi, kusafishwa kizazi, ngiri, busha, kidole tumbo, mfupa uliovunjika. Shangazi sasa anajibu bila shida.

Nesi_wa_Zamu

Kusafishwa kizazi nakuunga mkono, wanawake wengi hawaihesabu na pengine walipewa dawa ya usingizi. Ila mwanamke aliyekuja na mumewe hatasoma hilo kwa sauti. Fomu hiyo ijazwe faragha, au mstari huo nesi aulize chumbani.

Tena ongeza yasiyofanyika hospitalini. Kukatwa kilimi, na watoto kung'olewa yale wanayoita meno ya nailoni. Hakuna mgonjwa atakayeiita operesheni, lakini mtoto huingia na upungufu wa damu au usaha, na hatujui chanzo kwa sababu hatukuuliza.

Na kwa Warundi wa kambini, wao husema kubagwa. Ukisema "kupasuliwa" baadhi wanafikiria kupasuka jeraha la ajali.

Tabibu_Mstaafu

Kwenye upasuaji niongeze kimoja tu: "Ulipopewa nusu kaputi au sindano ya mgongo, kulitokea shida yoyote? Na je, kuna ndugu yako wa damu aliyepata shida kwa dawa ya usingizi?" Baadhi ya hatari za usingizi hurithiwa. Jina la operesheni mara nyingi daktari atalikisia kwa kuona kovu, lakini shida ya usingizi haiachi kovu.

Kalamu_ya_Mwanga

Mzee nakubali la kuharisha, nilikosea. Lakini kichwa cha sehemu hiyo nasisitiza kiitwe MZIO. Swali liwe la mtaani, kichwa kiwe fasaha, ndivyo watu watakavyojifunza neno.

Mwana_Ujiji

Kaka hilo nakupa, kichwa anasoma daktari zaidi. Nimeandika "MZIO: dawa, vyakula na vitu vinavyokukataa".

Iliyobaki ni familia na hapo nimekwama. "Ugonjwa wa familia" shangazi aliusikia kama tusi, kama ukoo una mkosi. "Magonjwa ya kurithi" ni vilevile. Nikasema "ndugu zako wanaumwa nini?" akaanza na mtoto wa mdogo wa marehemu mumewe.

Tabibu_Mstaafu

Ndugu kwetu ni ukoo na jirani pia. Daktari anawataka watu wachache tu: baba aliyekuzaa, mama aliyekuzaa, wa baba na mama mmoja nawe, na watoto uliowazaa. Wa baba mmoja mama mwingine waandikwe mstari wao. Ukiacha "baba" peke yake, mtu wa Buha atakutajia kisukari cha baba mdogo, na hajakosea, ni baba yake.

Halafu usiite ugonjwa wa familia. Muulize mtu mmoja mmoja: "Baba aliyekuzaa, yu hai? Aliwahi kuambiwa ana presha ya kupanda, kisukari, kansa, pumu, au alipooza?" Umeona shangazi yako alisema alipooza, hakusema kiharusi. Na uliza ilimpata akiwa na umri gani. Baba aliyepooza au kushikwa na moyo kabla ya miaka 55, au mama kabla ya 65, humfanya daktari amwangalie mtoto kwa jicho jingine kuliko aliyepooza akiwa na 80. Umri kama haujulikani, muulize mgonjwa kama wakati huo yeye mwenyewe alikuwa ameshaoa, au alikuwa bado shule.

Mwana_Ujiji

Shangazi anasema babu alipopooza yeye alikuwa darasa la sita, na babu hakuwa na mvi. Nilikuwa sijui. Siku zote nilidhani alikuwa mzee.

Tabibu_Mstaafu

Basi mpeleke apimwe presha wiki hii, fomu isubiri.

Mama_Gungu

Na sikoseli? Andikeni sikoseli, hiyo "seli mundu" hata sisi tulioishi nayo hatuitumii. Mdogo wangu alizika wawili kabla hajaambiwa. Walimuuliza kama kuna sikoseli nyumbani akasema hapana kwa sababu hakuna aliyewahi kupimwa. Wangemuuliza kama kuna watoto waliokuwa wanalia mifupa na macho yanakuwa ya manjano, angesema wote wawili.

Mwana_Ujiji

Mama pole, na asante. Nimeliandika kama ulivyolisema, neno kwa neno.

Nesi_wa_Zamu

Mmefika kwenye kifafa na ugonjwa wa akili? Hapo sijawahi kuona swali linalojibiwa kweli. Ukisema kichaa wanakataa. Ukisema "afya ya akili" wanadhani unauliza kama ana akili darasani. Kifafa wanakataa kwa sababu ya ndoa za mabinti.

Tabibu_Mstaafu

Mimi nilikuwa nauliza "kuna anayeanguka?" Wengine walijibu.

Nesi_wa_Zamu

Mzee, nami nimeijaribu. Mama mmoja alinitajia degedege ya mtoto na kifafa cha mimba cha dada yake vyote kwa pamoja, kwa sababu wote "walianguka".

Mrina_Sikonge

Huku kwetu hilo huulizwi mbele za watu. Mimi ningesema liondolewe kwenye karatasi, daktari aulize mwenyewe mlango ukishafungwa.

Kalamu_ya_Mwanga

Likiondolewa kwenye karatasi halitaulizwa kabisa. Mnawajua madaktari wenye foleni.

Mwana_Ujiji

Nimeliacha kwa sasa na nafasi tupu: "Kuna anayeanguka na kutetemeka, au aliyewahi kuugua kichwa hata akabadilika tabia? Ukipenda, mwambie daktari mkiwa wawili." Sijaridhika nalo.

Kesho naisoma upya kwa watu watano ambao historia zao siwezi kuzijua, wawili Mwanga, mmoja Gungu, na wawili watokao Kasulu. Kila mmoja akishajibu nitamwomba anieleze kwa maneno yake nilimuuliza nini. Shangazi hayumo, ameshazoea maswali, na asubuhi tunaenda kupima presha.